Imla Tuliyoikata kwa Kalamu Nyekundu



Juma hili tunaanza na deni. Katika likizo iliyopita tuliwakusanya watoto wa madrasa hapa Migosi kwa mchezo wa maneno, jioni moja baada ya Swala ya Alasiri. Kila mtoto alipewa vipande vinne vya karatasi ngumu, kila kipande kina herufi moja, na vyote vikipangwa pamoja vinasoma MALI. Kazi yao ilikuwa kuzipangua herufi hizo na kuzipanga upya, bila kuongeza wala kupunguza hata moja, kisha waandike kila neno la Kiswahili wanaloliona. Zawadi ilikuwa leso moja mpya ya mshindi kumpelekea mama yake.

Sisi tulikuwa tumeandika majibu usiku wa kuamkia siku hiyo: mali, mila, lami, lima. Manne, basi. Binti mmoja wa miaka kumi na miwili akaleta matano. La tano lilikuwa imla. Tukalitazama, hatukuliona katika karatasi yetu, tukalikata kwa kalamu nyekundu, na kwa kuwa kosa lilikuwa likipunguza alama moja, leso ikaenda nyumba nyingine.

Siku ya pili mama yake akatuma ujumbe mfupi wenye adabu: “Shekhe wetu, mwanangu anauliza kama imla si neno.” Tulikaa kimya muda mrefu. Sisi tuliolelewa juu ya ubao wa madrasa, mwalimu akisoma nasi tukiandika anachotamka, kila Alhamisi imla na kila kosa la imla fimbo, ndio tuliomwambia mtoto wa watu kwamba neno hilo halipo! Tulikuwa hatukulisahau. Tulikuwa tumelitafuta kwa njia mbovu, na njia mbovu haifiki kila mahali. Makala haya ni kuieleza njia iliyo bora, kwa sababu akina mama kadhaa wameuliza wafanyeje mchezo huu nyumbani bila ugomvi.

Kwanza tujue kazi ina sehemu mbili, na sehemu hizo hazifanani. Ya kwanza ni hesabu: kupata mipangilio yote ambayo herufi zinaweza kujipanga. Ya pili ni hukumu: kusema upi katika mipangilio hiyo ni neno na upi ni kelele tu. Mwanachuoni aliyezitenganisha sehemu hizi mbili kwa uwazi mkubwa alikuwa Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mtu wa asili ya Oman aliyeishi Basra katika karne ya pili ya Hijria. Familia nyingi za pwani yetu zina nasaba ya huko Oman, basi na wajue kwamba mtu huyu ni wao pia. Alipotaka kutunga kamusi ya Kiarabu, Kitabul-Ayn, hakutaka kuandika maneno kama yanavyomjia kichwani, maana akili husahau, kama tulivyosahau sisi. Alizichukua herufi za asili za neno akazigeuzageuza kila upande. Herufi mbili, alisema, zina mipangilio 2. Tatu zina 6. Nne zina 24. Tano zina 120. Kisha akasimama mbele ya kila mpangilio akauliza: je, Waarabu wanalitumia hili? Likitumika aliliita mustaamali. Lisipotumika aliliita muhmali, yaani lililoachwa.

Baada yake akaja Ibn Jinni wa Mosul, aliyefariki mwaka 1002, akaifuata njia hiyo hiyo katika herufi tatu ambazo kila msomaji wetu anazo mdomoni: kaf, lam na mim. Mipangilio yake ni sita. Kwa mpangilio wa K-L-M tunapata kalima, neno. Kwa K-M-L tunapata ukamilifu, na kwetu ni kamili. Kwa M-L-K tunapata umiliki, na kwetu ni milki. Kwa L-K-M tunapata kupiga ngumi, na kwa M-K-L kisima kilichopungua maji. Hayo ni matano. La sita, L-M-K, Ibn Jinni aliliacha nje kwa hoja kwamba halikuja katika mapokezi yaliyothibiti. Mwanafunzi mmoja aliwahi kutubishia darasani: “Lakini Shekhe, babake Nabii Nuhu anaitwa Lamak.” Ni kweli, katika nasaba zinazosimuliwa ndivyo anavyoitwa. Lakini hilo ni jina la mtu, na jina la mtu huja na mwenyewe kutoka alikotoka. Haliwi ushahidi kwamba lugha ilizaa neno kutokana na herufi hizo. Kanuni hiyo tunaitumia mpaka leo mezani petu: majina ya watu na ya mahali hayahesabiwi. Ndiyo maana MALI ikiwa ni nchi ya Afrika Magharibi haina alama, na ikiwa ni mali ya mtu ina alama.

Sasa turudi kwenye vile vipande vinne vya karatasi. Herufi M, A, L, I zina mipangilio 24, kama alivyohesabu Al-Khalil. Hakuna haja ya mtoto kuiandika yote. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache sana ya kukopa, hukoma kwa irabu. Basi mipangilio yote inayoishia kwa M au kwa L inaondoka kwa mkupuo mmoja, na hiyo ni nusu nzima, 12. (Tuseme hapa kwamba hii ni tabia ya Kiswahili na si ya kila lugha. Watoto wetu wa Migosi wakitoka nje kucheza husema ot kwa nyumba na rech kwa samaki, kwa Kijaluo, na hakuna anayeona ajabu neno kufungwa kwa konsonanti. Kwa hiyo mtoto anayeandika “ilam” hajafanya upuuzi. Amesikiliza kwa sikio la lugha nyingine.)

Kumi na mbili zinazobaki zinajigawa zenyewe katika mafungu matatu ya nne nne. Fungu la kwanza ni la konsonanti na irabu kwa zamu: mali, mila, lami, lima. Yote manne yamo katika matumizi. Hapa ndipo sisi tulipoishia usiku ule, kwa kuwa tulijiambia kwamba neno la Kiswahili ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Kanuni hiyo huleta maneno mengi, na kwa kuwa huleta mengi humfanya mtu asiangalie iliyoyaacha.

Fungu la pili linaanza kwa irabu, likifuatwa na konsonanti mbili: imla, ilma, amli, almi. Umbo hili si la Kibantu, lakini Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu muda mrefu. Tunasema amri, umri, ardhi, asli, wala hatujikwai. Kwa hiyo sikio linaweza kuyakubali yote manne, na hapo ndipo hukumu inapoanza. Imla inajulikana na kila mwalimu, na imeandikwa katika kamusi. Ilma haipo, inafanana na ilmu, ambayo baadhi yetu huisema badala ya elimu, lakini kufanana si kuwa. Amli haipo, iliyo karibu nayo ni amali, nayo inahitaji A nyingine ambayo hatunayo mezani. Almi haina mwenyewe. Tumeona watoto wengi wakidai alama kwa ujirani wa namna hii. Mtoto akisema “lakini linakaribia”, mwambieni aandike lile lenyewe linalokaribiwa, kisha ahesabu herufi zake mwenyewe. Atajijibu.

Fungu la tatu linaanza kwa konsonanti mbili na kuishia kwa irabu mbili: lmai, lmia, mlai, mlia. Mawili ya mwanzo hayatamkiki kwa ulimi wetu, maana hakuna neno letu linaloanza kwa L na M zikigusana. Lakini M mbele ya L ni jambo la kila siku: mlango, mlima, mlezi. M hiyo ni silabi kamili peke yake. Basi mlai na mlia yanapita mlango wa sikio. Mlai, hata hivyo, halina maana kwa yeyote tuliyemuuliza. Mlia lilitutaabisha zaidi. Tunajua kwamba Kiswahili huunda jina la mtendaji kwa kubandika M mbele ya kitenzi, kama mpiga ngoma na mla nyama, na kwa kanuni hiyo mtu anaweza kusema mlia njaa. Lakini jina la namna hii haliwezi kusimama peke yake. Linasubiri neno la pili kama mtu aliyeinua mguu mmoja. Anayelia, akisimama peke yake, ni mliaji. Na katika kitenzi, “mlia” ni kipande tu cha alimlia au kumlia. Tukasema: kipande si neno. Mzee mwenzetu wa baraza hakukubaliana nasi, na bado hakubaliani, na huenda nyumba nyingine ikaamua kama yeye. Muhimu ni uamuzi huo utolewe kabla ya vipande kumwagwa mezani.

Kwa hesabu hiyo, MALI ina maneno matano, si manne. Binti alikuwa sahihi.

Baadhi yenu mtasema, kwa nini msitazame kamusi tu? Kamusi tunazo, na kila nyumba yenye mchezo huu na iwe nayo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ikafuata mwaka 2015. Hizo zitamaliza ubishi mwingi. Lakini kamusi hujibu swali uliloliuliza. Haikuletei lile ulilolisahau kuuliza. Kosa letu halikuwa kukosa kamusi, ilikuwa rafuni kwetu. Hatukwenda kulitafuta imla kwa sababu halikuwa katika orodha yetu.

Tena kamusi huweka shina la neno, na shina si kila mara neno. Chukueni KILA. Kwa zamu ya konsonanti na irabu inatoa kila, kali, laki, lika, na yote manne mtayaona katika kamusi. Kila hakina mjadala. Kali kimeandikwa kama shina la sifa, na mtu mwangalifu atasema kwamba ni lazima liwe mkali, wakali, makali. Lakini semeni dawa kali, pilipili kali, sauti kali: hapo limesimama lenyewe bila kiambishi, basi tunalipokea. Laki ni elfu mia moja, na pia ni kwenda kumpokea mgeni njiani. Lika ndilo la kupimwa. Ni kitenzi, chenye maana ya kufaa kuliwa au kuliwa kukaisha. Sisi tulikuwa tumeweka sharti kwamba kitenzi kihesabiwe ikiwa kinaweza kutumika peke yake kama amri: lima shamba, laki wageni. Nani atakiamuru chakula, “Lika!”? Kwa sharti letu lika linaanguka, ingawa kamusi inalo na kila mama husema wali huu hauliki. Mnaweza kuliona sharti letu kuwa kali mno. Huenda ni kweli.

Herufi zikiwa sita, hesabu hutisha: mipangilio 720. Lakini neno likiwa na herufi iliyorudiwa idadi hupungua. KARANI ina A mbili, kwa hiyo ni nusu yake, 360. Bado ni nyingi kwa mtoto, na kwa shekhe pia. Hapa tunawapa njia ambayo tumeijaribu na wanetu na ikafaa. Wekeni konsonanti upande mmoja: K, R, N. Wekeni irabu upande wa pili: A, A, I. Konsonanti tatu zina mipangilio 6. Irabu hizi, kwa kuwa mbili zinafanana, zina mipangilio 3 tu: A-A-I, A-I-A, I-A-A. Sita mara tatu ni 18, na hayo kumi na nane ndiyo maneno yote ya zamu yanayowezekana. Shikeni K-R-N, pitisheni irabu tatu: karani, karina, kirana. Shikeni K-N-R: kanari, kanira, kinara. Papo hapo mtoto wetu mdogo alipiga kelele, “Kinara!”, kwa sababu hulisikia katika taarifa ya habari likitajwa kwa viongozi wa vyama, na bibi yake akamwambia kwamba kabla ya vyama kinara kilikuwa kitu cha kusimamishia mshumaa.

Angalieni kwamba anayepangua silabi peke yake, ka-ra-ni, hawezi kukipata kinara, maana silabi zenyewe zimevunjwa na kuungwa upya. Wazee wetu walikuwa na mchezo wa kinyume, wa kuichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, ili watoto na wageni wasiwaelewe. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko Unguja, aliueleza katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Kwa kinyume, karani ni nikara. Mchezo ule ulikusudia maneno yasiyotambulika; huu wetu unakusudia yanayotambulika, na ndiyo maana mtoto hodari wa kinyume anaweza kushindwa hapa.

Mipangilio mingine ya K-R-N tuliipitia yote. Kanari ni visiwa, jina la mahali, kwa hiyo nje. Nakira ilitufurahisha: ni istilahi ya nahau ya Kiarabu kwa jina lisilo maalumu, nasi huisema kila wiki darasani, lakini ni Kiarabu kinachosemwa katikati ya Kiswahili. Kisha tukakumbuka funzo la imla, tukatafuta na yale yanayoanza kwa irabu. Tukaipata arkani, yaani nguzo, kama tusemavyo arkani za Swala. Hapo baraza likagawanyika. Mashekhe wote waliokuwapo walikuwa wakilitumia. Tukamwita jirani yetu anayeuza samaki soko la Kibuye, Mwislamu aliyezaliwa papa hapa Kisumu, tukamwambia neno hilo peke yake. Akauliza, “Arkani ni nini, Shekhe?” Tukamwambia nguzo. Akasema, “Si mseme nguzo.” Tukaliandika kando, kwa penseli.

Jambo moja la mwisho kuhusu vipande vya karatasi. Msikate S na H mbalimbali, wala C na H, wala D na H, wala N na Y. Katika herufi za madrasa, shini ni herufi moja na dhali ni herufi moja. Ni maandishi ya Kilatini yaliyozigawa mbili mbili. SHIKA kwa vipande vitano itawapeni mipangilio 120 na fujo kama “hiska” na “sihka”. SHIKA kwa vipande vinne, SH ikiwa kipande kimoja, ina 24, na mtoto atafika haraka kwenye kisha.

Kwa binti yule, tulikwenda kwao Jumapili baada ya Adhuhuri, na leso mkononi, ya rangi ile ile. Mama yake alitukaribisha kwa chai. Binti mwenyewe hakusema mengi. Alileta daftari lake, akatuonyesha pale tulipokata, akatuomba tuandike upya kwa mkono wetu. Tukaandika: imla, sahihi, alama moja.

Neno la juma hili ni RADHI, na DH ni kipande kimoja. Kuna angalau moja linaloanza kwa irabu, na mnaishi juu yake.